Kabla hujapima maji yanavyopanda kwenye mrija mwembamba

Ukiuchovya mrija mwembamba wa kioo kwenye bika la maji, maji hupanda ndani yake na kusimama juu kuliko yale ya nje. Kwa macho ni jambo dogo, ndiyo maana watu huliendea bila kujiandaa. Nimeandaa jaribio hili la kutafuta mvutano wa uso wa maji miaka mingi kwenye maabara za shule hapa Dar es Salaam. Yafuatayo yafanye kabla wanafunzi hawajaingia, si baada.

Mrija usimame wima. Ukiinama, urefu wa maji ndani yake huongezeka, ilhali kimo kutoka usawa wa maji ya bika ni kilekile.

Kimo kianzie kwenye uso wa maji ya bika, si chini ya mrija. Rula ikichovya majini, maji huipanda nayo na kukudanganya. Funga kando ya mrija waya uliopinda, ncha yake iguse uso wa maji kidogo tu. Soma kwanza chini ya bonde la maji lililomo mrijani, kisha ondoa bika usome ile ncha, tofauti yake ndiyo kimo.

Chukua joto la maji. Majedwali mengi huandika mvutano wa uso wa maji kwa nyuzi 20, yaani 0.0728 N/m. Maabara zetu mwezi wa pili hazina nyuzi 20. Kwa nyuzi 30 tumia 0.0712.

Maji yawe yaliyokenekwa. Usipoyapata, nunua maji ya betri, lakini soma kibandiko vizuri, maana kwenye rafu hiyohiyo huuzwa asidi ya betri.

Sasa tufike kwenye nusu kipenyo. Maji yaliyo mrijani yananing'inia. Pale yanapogusa kioo, mzunguko mzima wa ukingo unayavuta juu, nayo hupanda hadi uzito wake ulingane na mvuto huo. Ndipo inapatikana:

```
h = 2γ cosθ / (ρ g r)
```

Hapo γ ni mvutano wa uso, θ ni pembe ya mguso, yaani ile inayopimwa ndani ya maji pale uso wake unapokutana na kioo, ρ ni densiti na r ni nusu kipenyo cha ndani. Mrija wenye kipenyo cha ndani cha milimita 1 una r ya milimita 0.5. Kwa maji ya nyuzi 30 na kioo safi kabisa, ambacho θ yake ni karibu sifuri, h inatoka milimita 29. Mwanafunzi akiweka kipenyo badala ya r, mvutano wa uso utakuja mara mbili ya halali. Na usiamini namba iliyoandikwa kwenye boksi la mirija: r ikikosewa kwa asilimia 10, jibu nalo limekosewa vivyo hivyo. Pima mrija mkavu kwenye mizani, ingiza uzi wa maji wa milimita 60, pima tena, uzito ulioongezeka na urefu wa uzi vikupe r. Kwa mrija huo maji yatakuwa na kama gramu 0.047, kwa hiyo mizani inayosoma 0.01 haitoshi, tafuta inayosoma 0.001.

Usafi wa kioo ndio uliotuumiza, na hapa naomba usome polepole.

Mwaka mmoja darasa zima la kidato cha tano lilipata milimita 21 badala ya 29. Mirija ilikuwa mipya, ya kipenyo cha milimita 1, na nilikuwa nimeipima mwenyewe. Ukipiga hesabu kwa 21, mvutano wa uso unatoka 0.051. Niliwarudisha wapime upya mara tatu. Mara ya tatu vikundi viwili vikaleta 29 kamili, nami nilijua wameipika. Vijana waliosoma kwa uaminifu ndio niliowakemea, na hilo linaniuma hadi leo.

Binti mmoja peke yake alikuwa na 28. Wenzake walisema amebuni. Nikamwita. "Mwalimu, sikubuni," akasema. "Mrija uliniponyoka ukazama hadi chini ya bika, nikauinua taratibu, ndipo nikasoma."

Nikarudia mbele yao. Mrija mkavu ukichovywa, maji yanapanda kwa kukwamakwama, yanasimama 21. Uleule ukizamishwa kisha ukainuliwa, maji yanashuka kutoka juu na kugoma kwenye 28. Mrija mmoja, maji yaleyale, vimo viwili. Mvutano wa uso haubadiliki kwa sababu maji yanapanda au yanashuka, na r haikubadilika. Kilichobaki ni pembe ya mguso. Kwenye kioo chenye mafuta, maji yanayosogea mbele juu ya ukavu hugusa kwa pembe kubwa, na yanayorudi nyuma hugusa kwa pembe ndogo. Gawa 21 kwa 29: cosθ ni kama 0.72, pembe ya nyuzi 44. Hatukuwa na sifuri hata kidogo.

Mafuta yalitoka wapi? Mirija ilihifadhiwa droo moja na bureti, na koki za bureti hupakwa mafuta ya mgando ili zisikwame. Mikono iliyozipaka ndiyo iliyoshika mirija.

Nikaiosha kwa sabuni ya maji, nikasuuza mara mbili, nikaridhika. Wiki iliyofuata tukapata 13. Safari hii ukipandisha ni 13, ukishusha ni 13. Hapo kioo kilikuwa kimelowa vizuri, ila sabuni iliyobaki ilikuwa imeshusha mvutano wa uso wenyewe hadi kama 0.032.

Kwa hiyo kabla ya somo, soma kila mrija mara mbili, ukipanda na ukishuka. Vimo vikitofautiana, kioo ni kichafu. Vikilingana lakini ni vifupi, shuku sabuni majini, au r uliyoandika. Vikilingana na kukaribia hesabu, endelea. Na hata kwenye mrija mzuri, kipimo cha kuandika kiwe cha kushuka, maana juu ya kioo kilichokwisha kulowa pembe huwa karibu zaidi na sifuri.

Kuosha: spiriti kwanza kuondoa mafuta, kisha maji moto yenye sabuni kidogo, kisha suuza kwa maji yaliyokenekwa mara nane au kumi ukiyasukuma kwa bomba la sindano. Usipulize kwa mdomo kukausha, pumzi na mate vinarudisha uchafu uleule. Shika mrija kwenye ncha ya juu tu. Bika nalo lioshwe hivyohivyo, kwa sababu sabuni ya bika huingia mrijani.

Mirija ikiwa safi isiachwe mezani usiku kucha, hewa yenyewe huipaka utando. Iache imezama kwenye maji yaliyokenekwa, chombo kifunikwe. Zima feni wakati wa kusoma, uso wa bika usitikisike. Mrija usiusukume kwenye kizibo kwa nguvu, huvunjikia kiganjani, na vipande vyake ni vyembamba mno kuonekana kwenye jeraha. Iliyovunjika iwe na kopo lake, na mtu wa usafi aambiwe lilipo.