Vibarua wa Kukata Simsim: Lipa kwa Siku, Usilipe kwa Tita

Simsim ikikomaa haingoji mtu. Majani ya chini yakishageuka manjano na kuanza kudondoka, na maganda ya chini yakianza kupoteza ukijani, una siku chache tu za kukata. Ukichelewa, maganda hufunguka midomo na punje zinamwagikia mchangani. Ndiyo maana mkulima wa Hindi au Mpeketoni, huku Lamu, mwenye ekari mbili huhitaji mikono ya watu kwa siku nne, si kwa msimu mzima, na namna anavyowaajiri ndiyo itakayoamua magunia mangapi yatafika nyumbani.

Msimu mmoja nililipa kwa tita. Nilidhani nimepata ujanja, maana kazi ilikwenda mbio kweli. Jioni nilikuta matita makubwa kama mizigo ya kuni, mengine yamelazwa chini, mengine yametupwa kutoka mbali. Chini yake mchanga ulikuwa umepauka kwa punje. Sikuwa na la kuwalaumu vibarua: niliwalipa wahesabu matita, nao wakahesabu. Malipo ya kipande yanafaa kwenye palizi, ambako haraka haimwagi kitu. Kwenye kukata simsim, lipa siku.

Idadi ya watu usiikisie. Siku moja kabla, kata kipande kidogo wewe na mtu wa nyumbani, mkifunga na kusimamisha kabisa, muone mmefika wapi. Tuseme watu wawili wanamaliza robo ekari kwa siku. Ekari mbili zina robo nane, kwa hiyo ni kazi ya siku kumi na sita za mtu mmoja. Ukitaka kumaliza kwa siku nne, unahitaji wanne. Mimi huongeza wa tano, wa kubeba matita hadi kwenye turubai na kushika nafasi ya atakayeugua. Kwa shilingi 600 kwa siku, kwa mfano, hao watano ni shilingi 12,000 kwa siku nne. Ziwe mkononi kabla ya panga la kwanza kuinuliwa. Kibarua asiyelipwa jioni kesho haji, na shamba lako halitamngojea.

Makubaliano yaandike kwenye daftari la kawaida, ukurasa mmoja, na kila mtu asomewe: kazi ni kukata, kufunga na kusimamisha, siku nne, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 7 mchana, na Ijumaa kuachia saa 5 watu wapate kujitayarisha kwa sala, chai ni ya mwenye shamba, panga analeta nani. Andika pia mambo mawili yanayozua ugomvi kila mara. La kwanza ni mvua: ikikatiza kazi saa 3, mtu atalipwa nusu siku au siku nzima? La pili ni ada ya kutoa pesa, ukilipa kwa M-Pesa. Kila jioni mtu atie sahihi au dole gumba mbele ya kiasi alichopokea. Kiwango kisishuke chini ya kima cha chini cha mshahara wa kilimo kilichowekwa na serikali.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inamtambua kibarua kuwa mtu anayelipwa mwisho wa siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Ukimshika mfululizo hadi siku zake zikafika mwezi, anahesabiwa kuwa na mkataba wenye haki zaidi, hata kama hukuandika kitu. Daftari la tarehe linakulinda wewe na yeye.

Mafunzo hayazidi nusu saa, na yafanyike shambani, si kwa maneno matupu. Chukua mche mmoja uliokomaa, uinamishe juu ya leso nyeusi, uutikise. Kila mtu ataona punje zikimwagika, maana ganda la simsim hufungukia juu. Baada ya hapo hahitaji kuambiwa mara mbili kwamba mche hushikwa wima tangu unapokatwa. Kisha funga tita moja la kiasi cha kukumbatiwa na viganja viwili, lisimamishe juu ya turubai likiegemeana na mengine, vichwa juu. Kubwa kupita hapo halikauki katikati, huota ukungu. Kila mmoja afunge matatu ukimtazama.

Saa ya kwanza usiondoke. Kazi ya kukata ifanywe umande ungali upo. Jua likishika, kuanzia kama saa 4, wageuke kufunga na kusimamisha.

Matita yakikaa wiki mbili hivi na kukauka, waite watu wawili tu, kwa makubaliano mapya ya siku moja, waje kuyapindua na kuyakung'uta taratibu juu ya turubai. Chagua wale waliofunga vizuri. Utawajua: mchanga wa mistari yao hauna punje.