Somo: Haidromita ya chupa ya dawa, ya kupimia chumvi ya maji ya visima na bahari

Somo hili ni la walimu wa sayansi wa Lamu na Malindi, ambako mwanafunzi anaweza kubeba maji ya kisima mkono mmoja na maji ya bahari mkono wa pili. Tutaunda kifaa kimoja tu, haidromita, kwa vitu vinavyookotwa au kununuliwa kwa bei ndogo, kisha tutakisahihisha mpaka kisome gramu za chumvi kwa lita.

Haidromita inayofundishwa sana ni mrija wa soda uliozibwa chini kwa plastisini. Unaelea vizuri, lakini kwa kazi hii haufai. Mrija wa kipenyo cha milimita 6 uliozama sentimita 14 katika maji matamu hunyanyuka milimita 3 au 4 tu ukitiwa baharini, kwa sababu maji ya bahari yanayazidi maji matamu kwa densiti kwa takriban asilimia 2.5 tu. Milimita 3 mwanafunzi huzipoteza kwa kuinamisha kichwa. Dawa yake ni kuweka tumbo nene chini na shingo nyembamba juu. Tumbo husukuma maji mengi, na mabadiliko madogo ya densiti yote hujitokeza kwenye shingo. Kwa vipimo vya hapa chini, milimita zile 3 zinakuwa takriban 70.

Vifaa vya kundi moja

Chupa ya plastiki ya dawa ya maji ya mililita 60, pamoja na kifuniko chake. Mrija mmoja wa plastiki ulionyooka, kipenyo milimita 6, urefu usiopungua sentimita 15. Chupa ya maji ya lita 1.5. Mchanga mkavu, ukanda wa karatasi ya grafu, kipande cha mshumaa, gundi ya silikoni wanayotumia mafundi bomba, na sirinji ya mililita 20 isiyo na sindano. Kwa darasa zima, pakiti moja ya chumvi ya gramu 500.

Mchanga wa ufukweni usuuze kwa maji matamu mara tatu, kisha uanike hadi ukauke kabisa. Ukiwa na unyevu hugandamana na kukwama ndani ya mrija.

Kuunda

1. Kata kichwa cha chupa ya lita 1.5 pale inapoanza kupungua. Hiki ndicho chombo cha kupimia. Kinahitaji kina cha sentimita 20 au zaidi, maana kifaa kikigusa chini usomaji wote ni bure.

2. Pasha msumari moto, toboa katikati ya kifuniko cha chupa ya dawa tundu la milimita 5, kisha sukuma mrija wa milimita 6 upite kwa nguvu kidogo. Ndani uingie sentimita 1 tu. Tundu likienda pembeni, mrija hautasimama wima hata ukiongeza mchanga wote wa Shela.

3. Paka gundi ya silikoni kuzunguka mrija, juu na chini ya kifuniko, uache siku nzima. Nta peke yake hapa haishiki: plastiki ikipindika kidogo, nta hupasuka ufa usioonekana.

4. Tia mchanga ndani ya chupa upite nusu kidogo. Funga kifuniko kwa nguvu, ukipaka silikoni kwenye nyuzi zake. Weka chupa kwenye chombo chenye maji matamu. Itaelea juu bado.

5. Sasa dondosha mchanga kidogo kidogo kupitia mdomo wa mrija, kwa kikaratasi kilichokunjwa kama mfereji. Kadiri unavyokaribia, punguza hadi chembe chache kwa wakati. Acha mrija ukiwa umezama kama sentimita 8 kutoka kwenye kifuniko.

6. Kata ukanda wa grafu wenye upana wa milimita 5, uandike milimita kuanzia 0 chini, uuingize ndani ya mrija mpaka sifuri ilingane na uso wa juu wa kifuniko. Ziba mdomo kwa tone la nta. Karatasi na nta vina uzito, kwa hiyo kifaa kitazama sentimita nyingine moja hivi. Usijali, kwani bado hatujakisahihisha.

7. Kiache kinaelea saa nzima. Soma mwanzo, soma mwisho. Kama kimezama zaidi, kinavuja, na hakuna maana ya kuendelea kabla ya kukausha na kuziba upya. Kosa hili ndilo baya kuliko yote, kwa sababu kifaa kinachovuja kinaendelea kutoa namba nzuri, ila kila siku maji yanaonekana matamu zaidi.

Kusahihisha bila mizani

Pakiti ya chumvi tayari imepimwa kiwandani, basi itumie. Kwanza tengeneza kipimo: tia maji ya sirinji mara 25 kwenye chupa ya nusu lita, halafu piga alama ya kalamu hapo maji yalipofika. Usiamini kuijaza hadi mdomoni. Chupa ya nusu lita iliyojaa pomoni huwa imepita mililita 500, na makosa hayo hujirudia kila unapopima.

Yeyusha pakiti nzima katika maji kiasi, kisha ongeza maji mpaka mchanganyiko wote utimie lita 5 kwa kipimo chako. Sasa kila lita ina gramu 100, na haya ndiyo maji mama. Chukua mililita 100 za maji haya, ongeza maji matamu hadi lita 1: umepata gramu 10 kwa lita. Mililita 200 hutoa gramu 20, na kuendelea hadi 40. Kundi moja hutumia lita 1 tu ya maji mama, kwa hiyo pakiti moja inatosha makundi matano.

Maji ya sifuri yawe ya mvua kutoka jabia au ya chupa ya dukani. Ya bomba katika mji wa Lamu hutoka visimani, tayari yana chumvi yake.

Kifaa chenye uzito wa gramu 78 hivi kitasoma karibu na hivi:

gramu 0 – milimita 92
gramu 10 – milimita 73
gramu 20 – milimita 54
gramu 30 – milimita 36
gramu 40 – milimita 18

Chako kitakuwa na namba zake, lakini pointi zikichorwa kwenye grafu zikae karibu na mstari mmoja. Pointi moja ikiruka pembeni, rudia kuchanganya maji hayo kabla ya kulaumu kifaa.

Hesabu ya mfano: maji ya kisima yamesoma 83. Kutoka 92 hadi 83 ni milimita 9. Kati ya gramu 0 na 10 kifaa kilipanda milimita 19, yaani 1.9 kwa kila gramu. 9 kugawanya kwa 1.9 ni takriban gramu 5 kwa lita, maji ya magadi kweli.

Kusoma

Shusha kifaa polepole kwa kukishika kwenye ncha ya mrija, usikizamishe kikachupa. Tone moja la maji likibaki kwenye mrija juu ya maji lina uzito wa kama gramu 0.05, nalo linatosha kukizamisha karibu milimita 2, sawa na kukosea gramu nzima ya chumvi. Angalia pia mapovu ya hewa yaliyonata tumboni. Yenyewe hukiinua, na maji huonekana ya chumvi zaidi. Yafute kwa kidole. Macho yawe sawa na uso wa maji, na usome uso ulio bapa, si pale maji yanapopanda kidogo kwenye ukuta wa mrija.

Maswali ya walimu na mzazi

*Mwalimu wa Shela:* Shikamoo mwalimu. Tumesahihisha vizuri, pointi zote zimekaa kwenye mstari. Lakini maji ya bahari yanatusomea gramu 38, na vitabu vinasema 35. Tumekosea wapi?

*Jibu:* Marahaba. Hamjakosea. Vitabu hutaja gramu 35 kwa kilo ya maji, na lita ya maji ya bahari inaipita kilo kidogo, kwa hiyo kwa lita ni karibu 36. La pili, chumvi ya bahari si ya mezani tupu. Ina magnesiamu na salfeti, ambazo kwa gramu zilezile huongeza densiti zaidi. Kifaa chenu kinajibu swali mlilokiuliza: maji haya yana densiti ya maji yenye gramu 38 za chumvi ya mezani. Waachieni wanafunzi watafute tofauti hiyo wenyewe kabla ya kuwaambia.

*Mwalimu wa Malindi:* Tulichota maji ya mto Sabaki, juu kabisa ambako bahari haifiki, yakasoma gramu 3. Hayana ladha ya chumvi hata kidogo.

*Jibu:* Ni tope, mwalimu. Udongo ulioelea majini nao huongeza densiti: gramu 1 ya udongo kwa lita huonekana karibu kama gramu 1 ya chumvi. Acheni maji yatulie usiku kucha, mmimine ya juu taratibu, msome tena. Tofauti kati ya usomaji wa kwanza na wa pili inawapa makisio ya tope lenyewe, na hilo ni jaribio jingine mmelipata bure.

*Mwalimu wa Faza:* Asubuhi kisima kilekile kinasoma chumvi zaidi kuliko mchana. Ni maji kupwa na kujaa?

*Jibu:* Inawezekana kwa kisima kilicho karibu na pwani, lakini ondoeni kwanza shaka ya joto. Ndoo iliyokaa juani ikatoka nyuzi 25 hadi 35 hupungua densiti kiasi cha kuficha gramu 4 hivi za chumvi. Wekeni maji yote, ya kusahihishia na ya kupimwa, kivulini chumba kimoja kwa saa tatu, ndipo mpime. Tofauti ikibaki, hapo andikeni saa za kujaa na kupwa kando ya kila usomaji.

*Mwalimu wa Lamu mjini:* Mirija ya plastiki inazidi kuadimika, na ya karatasi inalowa. Ganda la kalamu litafaa?

*Jibu:* Litafaa, ila ni nene zaidi, kwa hiyo kila gramu itakupa milimita 1 tu badala ya karibu 2. Zibeni kile kitundu cha ubavuni kwa gundi.

*Mzazi, Malindi:* Kifaa kikisoma gramu sifuri, watoto wanaweza kunywa maji hayo?

*Jibu:* Hapana, mzazi. Hakioni vijidudu wala sumu. Hata kwa chumvi, kikitumiwa kwa uangalifu wote kinakosea kama gramu 1 kwa lita, na maji huanza kukataa mdomoni yakifika kiasi hichohicho. Maji ya gramu nusu na ya gramu moja na nusu kwake ni yaleyale. Kitumieni kulinganisha kisima na kisima, au kisima kimoja kaskazi na kusi.