Programu ya madai ya bima iko kwa lugha usiyoijua? Fuata tarakimu

Fungua mkataba wako wa bima pembeni. Ukishachagua aina ya tukio, usipakie picha kwanza. Nenda hadi skrini inayoonyesha kiasi utakachojilipia mwenyewe, ukilinganishe na mkataba. Tuseme jiwe limepasua kioo cha mbele cha gari: mkataba unasema 50 kwa kioo, 300 kwa mgongano. Ukiona 300, huenda umebonyeza mgongano, basi rudi nyuma. Ukiona 50, ndipo upakie picha: moja ya gari zima, namba ya usajili ionekane, nyingine ya ufa kwa karibu. Mbinu hii haisaidii kama kiasi ni asilimia ya hasara, au matukio mawili yana kiasi kimoja. Hapo piga simu kabla ya kutuma.