SOMO: Akiba ya dola imepanda, nakisi iko palepale. Soma urari wa malipo hivi

Kila Ijumaa Benki Kuu ya Kenya, CBK, ikitoa taarifa yake ya wiki, swali ni lilelile: "Akiba imeongezeka, mbona bado mwasema nchi ina nakisi?" Nimechoka kulijibu vipandevipande. Jibu limo katika urari wa malipo, yaani hesabu ya fedha zote zinazoingia na kutoka nchini, na sehemu zake ni hizi tano. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

1. Akaunti ya malipo ya kawaida. Chai, maua, watalii na pesa za diaspora huingiza dola. Mafuta, mashine, riba ya madeni ya nje na faida ya kampuni za kigeni huzitoa. Kwa Kenya jumla yake huwa nakisi.

2. Akaunti ya mtaji. Misaada ya kujengea miradi na madeni yaliyosamehewa. Ni ndogo, pita.

3. Akaunti ya fedha. Mikopo, hatifungani, hisa na uwekezaji wa moja kwa moja. Hapa ndipo watu huanguka. Deni lenyewe, linapochukuliwa na linapolipwa, huandikwa hapa. Riba yake haikai hapa, iko hatua ya kwanza. Ukivichanganya, utadhani mkopo umepunguza nakisi, kumbe umeifadhili leo na kuiongezea riba kesho.

Chukua Yurobondi, hatifungani ambayo serikali huuza nje kwa dola. Ile ya miaka kumi ya 2014, yenye riba ya 6.875%, ilikuwa iive Juni 2024. Februari 2024 serikali ikatoa nyingine ya dola bilioni 1.5 kwa riba ya 9.75%, na kwa fedha hizo ikanunua mapema takriban bilioni 1.44 ya ile ya zamani. Katika akaunti ya fedha, deni jipya liliingia na la zamani likatoka, kwa hiyo akiba haikupata nyongeza ya maana. Sasa rudi hatua ya kwanza: 6.875% ya bilioni 1.44 ni dola milioni 99 kwa mwaka, na 9.75% ya bilioni 1.5 ni milioni 146. Zile milioni 47 za ziada zinatoka kwenye akaunti ya kawaida kila mwaka, hata kama hatukuagiza hata lita moja zaidi ya mafuta.

4. Akiba. Ndiyo inayopokea kinachobaki. Mfano wa kubuni, kwa milioni za dola: kawaida −500, mtaji +20, mikopo na uwekezaji +600. Akiba inapanda kwa 120. Nakisi ya 500 haijaenda popote, tumekopa kuizidi.

ONYO la alama. Katika mpangilio wa IMF uitwao BPM6, akaunti ya fedha huhesabiwa kama mali tuliyoongeza nje kutoa madeni tuliyoongeza. Kwa hiyo nchi inayokopa huonyesha namba yenye alama ya kutoa. Ukiiona kwenye jedwali usikimbilie kusema mtaji umetoroka. Vitabu vya zamani hugeuza alama hizo, basi soma kichwa cha jedwali kwanza.

5. Makosa na mapengo. Mstari wa kusawazisha takwimu zisizolingana. Ukiwa mkubwa, usijenge hoja kwa tofauti ndogondogo.

---

Maswali

mkazi_wa_kayole: Kwa hiyo diaspora wakituma pesa ni mkopo wa nje?

Jibu: Hatua ya kwanza, mstari wa kwanza. Hakuna anayekuja kuzidai.

mkazi_wa_kayole: Na akinunua ploti Ruiru je?

Jibu: Hilo sasa ni swali. Akimtumia mamake pesa za matumizi, ni uhamisho, akaunti ya kawaida. Mkazi wa ng'ambo akinunua ardhi yake mwenyewe, ni uwekezaji, akaunti ya fedha. Shida ni kwamba benki huona pesa imeingia tu, na mara nyingi haijui ya nini.

hesabu_za_jioni: Mwalimu, kama akiba haikuongezeka sana, mbona shilingi iliimarika kutoka karibu 160 kwa dola hadi karibu 130 kufikia mwisho wa Machi 2024?

Jibu: Hofu ya kushindwa kulipa iliondoka, na waliokuwa wameficha dola wakaziuza. Tena Februari hiyohiyo serikali iliuza hatifungani ya miundombinu yenye riba ya zaidi ya 18%, wageni wakaleta dola kuinunua. Hizo nazo ni akaunti ya fedha, na riba yao inarudi hatua ya kwanza.

bwana_takwimu: Umeandika mengi. Akiba inatosha au haitoshi?

Jibu: Gawanya akiba kwa gharama ya uagizaji wa mwezi mmoja. CBK inatakiwa kujitahidi isishuke chini ya miezi 4. Lengo la Jumuiya ya Afrika Mashariki ni 4.5. Kugawanya utajifanyia.

hesabu_za_jioni: Basi miezi inaweza kupanda bila dola mpya?

Jibu: Naam. Uagizaji ukishuka, kigawanyo kinapungua na miezi inaongezeka. Ndiyo maana uangalie kiasi cha dola na miezi pamoja, halafu utafute ni mstari upi wa urari ulioleta badiliko.