Mteja akisema "nina haraka"

Kwa wenzangu wa migahawa ya stendi hapa Kigoma: abiria akiingia na kusema gari linaondoka, msalimie kwa ufupi (mzee bado anastahili shikamoo), kisha usimtajie vyakula vyote. Muulize, "Umebakiza dakika ngapi?" Akisema kumi, mtajie kilichoiva tu: "Wali na mgebuka wa kukaanga upo tayari, nakufungia sasa hivi." Pokea hela wakati unapakua, maana chenji ndiyo inayochelewesha kuliko chakula. Mteja anakubali upesi kwa sababu hachagui tena, anajibu ndiyo au hapana. Njia hii inakwama kama sufuria bado iko jikoni. Hapo mwambie ukweli, umpe chapati na maji, aondoke.