Kueleza mchoro wa kuchakata kahawa kwa maandishi: kutoka visanduku hadi aya

Wanafunzi wanaorudi Mbeya kutoka mafunzo kwa vitendo kule Mbozi huniletea ripoti zenye mchoro safi wa mtambo wa kahawa, na chini yake aya isiyofanana nao. Mchoro wenyewe si mgumu. Una visanduku vya kupokea, kutenganisha majini, kumenya, kuvundika, kuosha, kuanika na kufungasha. Kinachowashinda ni mishale miwili: mmoja unatoka kwenye kumenya ukaenda pembeni, mwingine unatoka kwenye kuosha ukarudi nyuma.

Hatua ya 1: Andika jina la kitu chini ya kila kisanduku

Kabla ya kitenzi chochote, jiulize ni nini hasa kimeingia hapo. Kwenye kupokea ni matunda mabivu. Baada ya kumenya ni punje zenye ute. Mwishoni ni kahawa ya maganda, yaani punje kavu ambayo bado haijakobolewa.

Sababu ni hii: maelezo ya mchakato hutumia *hu-*, kwa kuwa jambo hufanyika vivyo hivyo kila msimu, na *hu-* haibebi kiambishi cha nafsi wala cha ngeli. Soma: "Matunda humenywa, kisha huvundikwa." Kwa maandishi hayo, kilichovundikwa ni matunda. Andika "kisha punje huvundikwa". Kila kitu kinapobadilika, kitaje upya.

Angalia pia neno maganda. Yale mekundu yanayotupwa baada ya kumenya yaite "maganda ya nje", la sivyo msomaji atayachanganya na kahawa ya maganda iliyo guniani.

Hatua ya 2: Tenga kinachotendwa na kinachotokea chenyewe

Hapa ndipo penye kazi. Wengi wakishaambiwa watumie kauli ya kutendwa huitia kila mahali, wakaandika "ute hulegezwa". Na nani? Ndani ya tangi la kuvundikia hakuna mtu anayeulegeza; vijidudu huumeng'enya, nao hulegea. Binadamu anachofanya ni kuziacha punje humo, kwa hiyo punje *huachwa* na ute *hulegea*. Vivyo hivyo kwenye meza za kuanikia: punje *huanikwa*, zenyewe *hukauka* kwa jua na upepo. Ukiandika "hukaushwa", msomaji anaweza kudhani kuna mashine ya kukaushia.

Maumbo yenyewe hayasumbui sana: huondolewa, huchaguliwa, hukobolewa, huanuliwa. Mtendaji hufuata *na*, kifaa hufuata *kwa*: matunda humenywa na wafanyakazi kwa mashine. Mara nyingi mfanyakazi hatajwi kabisa, na ni sawa. Ila unapounganisha vitenzi kwa *na*, cha pili nacho kibaki katika kutendwa: "hupokelewa na kutumbukizwa", si "hupokelewa na kutumbukiza".

Hatua ya 3: Kila mshale upate neno lake

Mshale wa kawaida unatoshwa na *kisha* au *baada ya hapo*, lakini "kisha" tano mfululizo zinachosha. Panapotakiwa jambo la kwanza likamilike kabisa, tumia *-kisha-*: "ute ukishalegea". Mshale wa pembeni utake *huku*, maana mambo mawili yanakwenda pamoja. Mshale unaorudi nyuma unahitaji sharti, kwa *-ki-*, pamoja na kitenzi *hurudishwa*. Bila sharti, msomaji ataona kahawa yote inarudi tangini.

Hatua ya 4: Andika aya

> Matunda mabivu hupokelewa na kutumbukizwa kwenye tangi la maji, ambamo yanayoelea huondolewa. Yaliyozama humenywa kwa mashine; maganda ya nje hupelekwa kwenye shimo la mboji, huku punje zenye ute zikiingizwa kwenye tangi la kuvundikia. Punje huachwa humo kwa saa 24 hadi 48, mpaka ute ulegee. Ute ukishalegea, punje huoshwa kwa maji safi na kusuguliwa kiganjani. Zikiwa bado zinateleza, hurudishwa tangini. Zikikwaruza kama changarawe, hupelekwa kwenye meza za wavu. Huko punje huanikwa kwa siku 10 hadi 14 hivi, hadi unyevu ushuke kufikia takriban asilimia 11 au 12. Hatimaye kahawa hiyo ya maganda huanuliwa na kufungwa kwenye magunia.

Saa 24 hadi 48 ni nafasi pana kwa sababu ya baridi: nyuzijoto zikishuka, ute huchelewa kulegea. Ndiyo maana aya inasema "mpaka ute ulegee" badala ya kuishia kwenye saa. Idadi ya saa ni makadirio; kinachoamua ni kiganja.

Hatua ya 5: Jaribu maandishi yako

Funika mchoro. Mpe aya mtu ambaye hajawahi kufika mtamboni, na karatasi tupu, achore visanduku na mishale kwa kusoma tu. Usimsaidie. Akichora mstari mmoja ulionyooka toka juu hadi chini, rudi kwenye sentensi ya *huku* na ile ya *zikiwa*. Akiuliza "hapa ni nini kinachoanikwa?", rudi hatua ya 1.