Kupanga mahali pa betri za sola nyumbani: hewa, joto, vumbi na umbali na wanaolala

Mwongozo huu ni wa betri za maji, zile za asidi zenye vifuniko vya kuongezea maji. Bado ndizo nyingi kwenye nyumba za Kisumu na Nakuru, na ndizo utakazozikuta nyuma ya kochi, chini ya ngazi au kwenye kona ya chumba cha kulala. Mfano tutakaoufuata ni nyumba ya matofali huko Mamboleo, Kisumu: betri nne za 12V 200Ah zilizofungwa kwa mfululizo kupata 48V, pamoja na inveta ya kilowati 3.

Betri ya maji ikikaribia kujaa, umeme unaoendelea kuingia huanza kuyagawanya maji kuwa haidrojeni na oksijeni. Haidrojeni haina rangi wala harufu, ni nyepesi kuliko hewa, na ikifika asilimia 4 ya hewa ya mahali ilipo, cheche ya swichi inatosha kuilipua. Ukilikumbuka hilo, maamuzi mengi yanayofuata yatakuwa rahisi.

Hatua ya 1: Chagua ukuta

Zunguka nyumba saa tisa alasiri, siku ya jua. Gusa kila ukuta kwa kiganja. Ukuta wa magharibi utakuwa wa moto kuliko mingine, kwa sababu jua huupiga wakati hewa yenyewe tayari imeshapata joto. Usiweke betri hapo, nje wala ndani. Ukuta wa mashariki hupata jua la asubuhi tu, kwa hiyo una nafuu. Kwa kuwa sisi tuko kwenye ikweta, kuta za kaskazini na kusini hupata jua la kutoka juu, ambalo paa lililochomoza vizuri huweza kulizuia.

Katika nyumba yetu ukuta wa kusini ndio uliofaa. Nyuma yake kuna korido, si chumba cha kulala. Dirisha la chumba cha kulala lililo karibu liko mita 3 pembeni, na jiko la makaa pamoja na mtungi wa gesi viko upande wa pili wa nyumba. Tundu la kutolea hewa ya betri lisiwe chini ya dirisha lolote wala karibu na mlango wa jikoni; sisi huacha mita 2 au zaidi. Betri pia zisikae kwenye njia ambayo watu wangeitumia kukimbia moto, na hilo peke yake linakataza kona ya chini ya ngazi.

Ukiwa upande wa Nyamasaria au uwanda wa Kano, uliza majirani maji ya mafuriko hufika wapi ukutani, kisha inua jukwaa lipite alama hiyo.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya matundu ya hewa

Usikadirie kwa macho. Kanuni inayotumika kimataifa, IEC 62485-2, ni fupi:

```
Q = 0.05 × n × Igas × C × 0.001
A = 28 × Q
```

Q ni hewa inayohitajika kwa mita za ujazo kwa saa, n ni idadi ya seli, C ni ukubwa wa betri kwa Ah, na Igas ni mkondo unaozalisha gesi, kwa miliampea kwa kila Ah: 20 kwa betri za maji zinapochajiwa kwa nguvu. A ni ukubwa wa tundu kwa sentimita za mraba. Betri ya 12V ina seli 6, kwa hiyo betri nne kwa mfululizo ni seli 24.

```
Q = 0.05 × 24 × 20 × 200 × 0.001 = 4.8
A = 28 × 4.8 = 134
```

Hiyo 134 ni ya tundu la kuingizia hewa, na 134 nyingine ni ya kutolea. Hesabu hii imelichukulia tundu kuwa wazi kabisa. Kisumu huwezi kuliacha wazi: mbu, mijusi na wale wadudu wa ziwa wanaokuja kwa mawingu watajaa ndani. Waya wa mbu hupunguza hewa sana, hivyo tunazidisha mara mbili na kupata takriban sentimita za mraba 270. Tundu la chini la sentimita 30 kwa 10 linatosha. Juu tunaweka mawili ya 15 kwa 10, moja kila upande, ambayo jumla yake ni 300.

Ukiwa na betri zilizofungwa kabisa, zisizoongezwa maji, weka 8 mahali pa 20. Zinahitaji hewa kidogo zaidi ya theluthi moja ya hiyo, lakini hazikuondolei haja ya matundu.

Hatua ya 3: Jenga kibanda

Kibanda chetu kimeegemea ukuta wa kusini: upana mita 1.5, kina sentimita 80, kimo mita 1.8. Ndani kuna jukwaa la matofali la sentimita 20, juu yake trei ya plastiki ngumu ya kuzuia asidi isifike kwenye saruji, kisha betri. Acha sentimita 2 kati ya betri na betri, 10 kati ya betri na ukuta, na angalau 50 juu yake ili uweze kufungua vifuniko na kuingiza haidromita ya kupimia asidi bila kujibana.

Tundu la kuingizia hewa liko kwenye mlango, sentimita 25 hadi 35 kutoka chini, yaani chini ya usawa wa vifuniko vya betri. Matundu ya kutolea yako juu kabisa, na hapa ndipo vibanda vingi hukosea. Paa letu limeinuka upande wa nyumba na kushuka kuelekea nje ili maji ya mvua yasiingie ukutani. Haidrojeni itaifuata silingi hadi sehemu iliyoinuka, kwenye kona za karibu na nyumba. Matundu basi yawe kwenye kona hizohizo, yakigusana na silingi. Ukiyashusha sentimita 20 tu, utakuwa umeacha mfuko wa gesi juu yake ambao hautoki.

Kati ya bati na silingi acha nafasi ya sentimita 10 iliyo wazi pande zote mbili, ili joto la bati lipeperuke bila kushuka kwenye betri.

Hatua ya 4: Tenganisha cheche na gesi

Chochote chenye kutoa cheche kikae angalau mita 1 kutoka kwenye vifuniko vya betri. Maana yake ni kwamba ndani ya kibanda hiki kidogo hakuna swichi, soketi, taa wala inveta. Inveta iko kwenye korido, upande wa pili wa ukuta, si juu ya betri ambako ingevuta mvuke wa asidi kwa feni yake. Fyuzi ya ampea 100 iko pale waya unapotokeza ndani. Kwa inveta hii mkondo hufika kama ampea 70, na waya wa shaba wa milimita za mraba 35 kwa umbali wa mita 3 unapoteza takriban volti 0.2 tu, kwa hiyo hoja ya kwamba betri lazima zikae sebuleni ili waya uwe mfupi haina uzito.

Paipu ya waya ipite ukutani chini, usawa wa jukwaa, isipite juu. Kisha ijaze silikoni kuzunguka waya, ndani ya paipu yenyewe na siyo kwenye ukingo peke yake. Paipu iliyoachwa wazi hupeleka gesi moja kwa moja nyuma ya inveta, na nyumba nzima itakuwa imeunganishwa na kibanda ulichokijenga ili kiwe mbali nayo.

Hatua ya 5: Pima joto kabla ya kuridhika

Funga kipimajoto kwa utepe kwenye ubavu wa betri ya katikati, usikining'inize hewani. Soma saa tisa au kumi alasiri kwa siku kadhaa za jua. Kipimo cha kulinganisha ni digrii 25. Betri inayoshinda kwenye 35 huishi karibu nusu ya umri wake, hata ukiitunza vipi kwa maji. Nakuru, kwa baridi yake, ina nafuu. Kisumu kila digrii unayoipunguza kwa kivuli ina faida.

Sensa ya joto ya chaja nayo ibandikwe palepale kwenye ubavu wa betri. Kwa betri yenye joto, chaja inapaswa kupunguza volti, takriban milivolti 4 kwa kila seli kwa kila digrii. Seli 24 zikiwa na digrii 35, hiyo ni karibu volti 1: badala ya 57.6, chaja iishie kama 56.6. Sensa ikiachwa koridoni kwenye ubaridi, chaja itazidisha, betri zitachemka, na zile hesabu za gesi za hatua ya 2 hazitatosha. Vilevile ukiwasha hali ya kusawazisha seli, ambayo hupanda juu ya volti hizo, fungua mlango wa kibanda mpaka imalizike.

Hatua ya 6: Vumbi

Nakuru wakati wa kiangazi, Januari na Februari, vumbi ni tatizo kubwa kuliko joto. Likitua juu ya betri na kukutana na mvuke wa asidi, linakuwa tope jembamba linalopitisha umeme, na betri inajimaliza yenyewe usiku bila mtu kuwasha kitu. Ni rahisi kulithibitisha. Weka mita kwenye volti za DC, ncha nyeusi kwenye kichwa hasi, kisha iburuze ncha nyekundu juu ya plastiki ya betri bila kugusa chuma. Plastiki safi husoma karibu sifuri. Ukiona nusu volti au zaidi, umeme unatembea juu ya uchafu.

Zima chaja na inveta, vaa glavu na miwani, hakikisha vifuniko vyote vimekazwa. Changanya vijiko viwili vya mezani vya magadi soda kwa lita moja ya maji, ufute kwa kitambaa kilicholowa. Mapovu yakikoma, asidi imekwisha. Futa tena kwa maji safi na ukaushe. Tone la magadi likiingia ndani ya seli huiharibu asidi yake, kwa hiyo usimwage, futa.

Usilizuie vumbi kwa kuziba matundu kwa sponji au gunia. Geuza matundu yasielekee barabara ya muramu, weka luva zinazotazama chini, na sugua waya wa mbu kwa brashi kavu kila mwezi. Kisumu fanya hivyo pia kila baada ya wadudu wa ziwa kupita, kwani wakifia kwenye waya huufunga kabisa.

Dalili za kuangalia

Harufu ya mayai yaliyooza ni betri iliyochajiwa kupita kiasi au seli inayokufa. Zima chaja ukiwa koridoni, toa watu karibu, fungua mlango wa kibanda na usubiri hewa isafike kabla ya kugusa waya wowote. Ukungu mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri unaorudi haraka baada ya kusafishwa huonyesha mvuke hautoki: angalia waya wa tundu la juu kwanza. Betri moja ikiwa na joto kuliko wenzake kwa digrii 3 au zaidi, pima volti zake peke yake, kwa sababu huenda kosa liko ndani yake na si mahali ilipo.